Usiishie "ametumia tashibiha": namna ya kueleza kazi ambayo picha inaifanya

Karatasi nyingi za fasihi ninazosahihisha hapa Kigoma zina sentensi hii au ndugu yake: "Mwandishi ametumia tashibiha, kwa mfano 'alikimbia kama swala'. Tashibiha hii imesaidia kupamba kazi na kuivutia hadhira." Mwanafunzi ameona tamathali, ameipa jina sahihi, amenukuu vizuri. Kisha ameacha pale ambapo swali lilikuwa linaanzia. Alichoulizwa ni kazi gani ile tashibiha inafanya katika kisa kile, na jibu lake halina neno hata moja kuhusu kisa kile.

Kuna kipimo kimoja ninachowapa wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne, na nakuomba ukitumie kwa kila sentensi utakayoandika kuhusu tamathali za semi. Chukua sentensi yako ya maelezo, ihamishie kwenye jibu la kitabu kingine kabisa. Kama inakaa pale bila kubadilishwa neno, basi haijaeleza chochote. "Imepamba kazi na kuivutia hadhira" inakaa popote: kwenye riwaya, kwenye tenzi, kwenye tamthiliya. "Imeonesha kwamba baba amekosa la kufanya ila kungoja" haikai popote ila mahali pake.

Katika mwongozo huu nitatumia kifungu kimoja kifupi tu, nilichokitunga kwa ajili ya darasa, na tutakaa nacho mpaka mwisho. Anayesimulia ni mtoto wa mvuvi wa dagaa.

"Baba aliuza karabai mbili bila kumwambia mama. Jioni ile alirudi, akatundika shati msumarini, akaketi kibarazani. Mama alipita mbele yake mara tatu: na ndoo, na kuni, na mara ya mwisho mikono mitupu. Ukimya wake ulikuwa mbalamwezi. Baba alikunja miguu kama mtu anayekunja nyavu, akangoja."

Kina sitiari moja (ukimya ni mbalamwezi) na tashibiha moja (kukunja miguu kama kukunja nyavu). Kuzitaja kunachukua nusu dakika. Sasa tuifanye kazi yenyewe.

Hatua ya kwanza: soma jirani za picha kabla ya picha

Usianze na mbalamwezi. Anza na yaliyotokea kabla na baada yake. Nani anasema? Mtoto wa nyumba hiyo. Anasema kuhusu nani? Mama, lakini mbele ya macho ya baba. Nini kimetokea? Mali ya kazi imeuzwa kwa siri. Nini kinafuata? Hakuna ugomvi, hakuna kelele, baba anakunja miguu na kungoja.

Andika majibu hayo pembeni mwa karatasi ya rasimu, maneno matatu manne kwa kila swali yanatosha. Wanafunzi wengi huiruka hatua hii kwa sababu wanaona kama inapoteza muda, halafu wanatumia muda huohuo kukwama mbele ya neno moja lililokatwa kutoka kwenye kisa chake. "Mbalamwezi" peke yake haina maana moja. Inaipata maana hapo inapowekwa, katikati ya mke aliyekasirika na mume aliyekosea.

Hatua ya pili: tenganisha jambo na picha

Kila tashibiha na kila sitiari ina pande mbili. Upande mmoja ni jambo ambalo mwandishi anataka kulizungumzia. Upande mwingine ni kitu alichokiazima ili alizungumzie. Nitauita wa kwanza jambo na wa pili picha. Katika sitiari yetu, jambo ni ukimya wa mama na picha ni mbalamwezi. Katika tashibiha, jambo ni namna baba anavyokunja miguu na picha ni mvuvi anayekunja nyavu.

Inaonekana rahisi, lakini hapa ndipo majibu mengi yanapopinda. Mwanafunzi anaandika, "Mwandishi amemfananisha mama na mbalamwezi." Hapana. Aliyefananishwa si mama, ni ukimya wake. Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu kumfananisha mwanamke na mwezi ni sifa ya uzuri iliyozoeleka, na ukishaingia njia hiyo utaandika kuhusu urembo wa mama katika kifungu ambacho hakina habari ya urembo wake hata kidogo.

Hakikisha pia kwamba ulichokishika ni mlinganisho kweli. "Kama utakuja, niambie" ni sharti. "Walikuwepo watu kama kumi" ni makadirio. "Anafanya kazi kama karani" ni cheo. Hakuna tashibiha hapo hata moja, na kila mwaka zipo karatasi zinazozitaja. Upande wa pili, tashibiha inaweza kuja bila "kama": mithili ya, mfano wa, utadhani, sawa na.

Hatua ya tatu: ijue picha kama wanavyoijua watu wa kwenye kisa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo jibu zuri linapozaliwa.

Chukua picha na uorodheshe yote yanayoambatana nayo. Mbalamwezi: inang'aa, inapendeza, ni usiku lakini unaona, haina joto, inatoka mbali, ina siku zake. Mwanafunzi wa mjini ataishia hapo, atachagua "inapendeza", na atapotea. Lazima ujiulize swali la pili: kwa mtu anayesema maneno haya, mbalamwezi ni nini?

Anayesema ni mtoto wa mvuvi wa dagaa. Uvuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika ni kazi ya usiku na kazi ya taa. Wavuvi wanaingia ziwani giza likishaingia, wanawasha karabai, na siku hizi wengi wana taa za betri na za sola. Dagaa wanakusanyika chini ya mwanga, kisha wavu unainuliwa. Ukisimama mahali pa juu usiku wa giza unaziona taa hizo zimetapakaa ziwani kama mji. Lakini mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetanda juu ya maji yote, taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kuwaita samaki mahali pamoja, na kwenda ziwani ni kuchoma mafuta bure. Kwa hiyo zile siku za mwezi mkubwa wavuvi wengi hawaingii ziwani. Nyavu zinakunjwa, zinashonwa, mitumbwi inazibwa, watu wanangoja giza lirudi.

Nilipowafundisha kifungu hiki kwa mara ya kwanza, mwanafunzi mmoja ambaye watu wa kwao wanavua aliinua mkono akasema, "Mwalimu, nyumbani mbalamwezi hakuna hela." Hakuwa amefikiria kwamba hilo ni jibu la fasihi. Alidhani ni habari ya nyumbani tu. Nilimwambia aliandike vilevile, kisha aendelee: hakuna hela kwa sababu gani, na mvuvi anafanya nini siku hizo, na hilo linatuambia nini kuhusu baba aliyeketi kibarazani? Ndani ya dakika chache alikuwa na maelezo ambayo darasa zima halikuwa nayo.

Sasa rudi kwenye orodha na ukate. Sifa inabaki kama kuna neno katika kifungu linaloishika mkono. "Ina mwanga unaoonesha kila kitu" inabaki, kwa sababu baba ameketi wazi kibarazani na mama anapita mbele yake mara tatu. Mara ya mwisho hana hata kitu mkononi, maana yake hakuwa na sababu ya kupita. Amemwona, na anataka aonwe kwamba amemwona. "Inasimamisha kazi ya mvuvi" inabaki, kwa sababu sentensi inayofuata ina nyavu zinazokunjwa. "Inafanya taa zisiwe na kazi" inabaki, kwa sababu kisa chote kimeanza na karabai zilizouzwa. "Ina siku zake, itapita" inabaki, kwa sababu neno la mwisho ni "akangoja", na mtu hangoji kitu kisichokwisha. "Inapendeza" inakatwa. Hakuna neno lolote pale linaloigusa.

Mwanafunzi wa Ujiji aliwahi kuniuliza kama anaweza kuandika kuhusu mwezi mwandamo na furaha ya sikukuu. Nilimuuliza neno gani kwenye kifungu linampeleka huko. Alikitazama, akasema, "Hakuna, Mwalimu." Basi. Huo ndio mpaka: kila unachokijua kuhusu picha ni mali yako, lakini kinachoingia kwenye jibu ni kile tu ambacho kifungu chenyewe kimekiita.

Na kama wewe uko Tabora, au Sikonge, hujawahi kuona karabai ikishushwa juu ya maji? Kwako mbalamwezi ni usiku wa kutembea bila tochi na wa watoto kucheza nje mpaka wachoke. Soma dalili: karabai, nyavu. Zinatosha kukuambia kwamba familia hii inaishi kwa uvuvi wa usiku, na kwamba mwezi kwao huenda ni jambo la kazi. Ukiwa na muda, kabla ya mtihani, muulize mtu wa kazi hiyo; mchuuzi wa dagaa yeyote sokoni atakueleza kwa nini bei inapanda mwezi ukiwa mkubwa. Ukiwa ndani ya chumba cha mtihani na huna wa kumuuliza, shikilia kile ambacho maneno ya kifungu yanakupa na usibuni. Maelezo mafupi yenye ushahidi ni bora kuliko marefu ya kubahatisha.

Hatua ya nne: badilisha picha uone kinachoanguka

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ni ya dakika mbili. Toa picha ya mwandishi, weka nyingine inayofanana nayo kwa juu, kisha usome tena.

"Ukimya wake ulikuwa jiwe." Mama sasa ni mgumu, na ugumu huo hauna mwisho. Neno "akangoja" linakuwa la kukata tamaa, kwa sababu jiwe hata ukilingoja halibadiliki. Kumbe mbalamwezi ilikuwa imebeba matumaini fulani, kwamba hali hii ina muda wake.

"Ukimya wake ulikuwa dhoruba." Sasa kuna vurugu, kuna kitu kinachoweza kuvunja mtumbwi. Lakini mama hajavunja kitu. Anachota maji, analeta kuni, anapita. Kumbe mbalamwezi ilikuwa inalinda utulivu wake. Hasira ipo, lakini haina kelele na haina haraka.

"Ukimya wake ulikuwa giza." Hili ndilo jaribio lenye faida kubwa kuliko yote, kwa sababu wasomaji wengi wangetarajia giza. Hasira na giza vimezoeana katika maandishi. Lakini kwa mvuvi wa dagaa usiku wa giza ndio usiku wa riziki. Katika giza angejua la kufanya: angewasha taa. Mwandishi akiandika giza, anampa baba nafasi ya kutenda. Akiandika mbalamwezi, anamnyang'anya. Na hapo ndipo zile karabai mbili zinapotusogelea tena: mwanamume aliyeuza taa amewekwa katika usiku ambao hata angekuwa nazo zisingemsaidia.

Ona tulichokipata. Hatujasema "mwandishi ametumia sitiari kuonesha ukimya". Tumejua kwa nini mwezi na si giza, na jibu la swali hilo ndilo linaloitwa athari au kazi ya picha. Ukishindwa kuendelea na jibu lolote la tamathali, rudi kwenye hatua hii. Andika kwenye rasimu: "Angesema ___, tungepoteza ___." Ukijaza nafasi hizo mbili, sentensi yako ya maelezo imeshapatikana.

Hatua ya tano: weka "kama" pasipo nayo, iondoe ilipo

Wanafunzi wanakariri kwamba tashibiha ina neno la kulinganisha na sitiari haina, kisha wanaiacha tofauti hiyo ikae bure. Ipe kazi.

Weka "kama" kwenye sitiari: "Ukimya wake ulikuwa kama mbalamwezi." Msimulizi sasa amesimama pembeni anapima, anaona vitu viwili vinavyofanana. Iondoe, "Ukimya wake ulikuwa mbalamwezi," na ile nafasi ya kupima inapotea. Mtoto halinganishi, kwake ukimya wa mama na usiku usiovulika ni hali moja iliyotanda juu ya nyumba.

Sasa fanya kinyume kwenye tashibiha: "Baba alikunja nyavu zake, akangoja." Tungedhani ana nyavu mkononi. Neno "kama" linahitajika ili tuone miguu na nyavu kwa pamoja. Na tazama kitenzi: "kunja" kinafaa pande zote mbili, mtu anakunja miguu na mvuvi anakunja nyavu, kwa hiyo mfanano haukulazimishwa. Mvuvi anayekunja nyavu hajaacha uvuvi. Amekubali tu kwamba usiku huu si wake. Baba hajaomba msamaha, hajajitetea, lakini kwa miguu yake ameshakubali.

Unaona pia kwamba picha hizi mbili zinaongea. Ya kwanza inaleta usiku usiovulika, ya pili inaleta mvuvi anayefanya kile ambacho wavuvi hufanya usiku kama huo. Zikiwa jirani hivi, usizieleze kila moja peke yake kana kwamba ni mambo mawili tofauti kwenye orodha ya fani. Zieleze pamoja, ueleze ya pili inavyoikamilisha ya kwanza.

Hatua ya sita: andika

Sasa una vitu vyote. Mpangilio ninaoupendekeza ni huu: nukuu na jina la tamathali katika sentensi moja, hali ya kisa katika nyingine, ujuzi kuhusu picha katika nyingine, kisha kazi yake, na mwisho uiunganishe na dhamira. Usiupe ulazima wa dini. Jibu likitiririka vizuri kwa mpangilio mwingine, liache.

Hili ni jibu la mwanzo la mwanafunzi mmoja, kabla ya kufanya hatua hizi:

"Mwandishi ametumia sitiari, 'ukimya wake ulikuwa mbalamwezi'. Hapa ameonesha kuwa mama alikuwa kimya. Pia ametumia tashibiha, 'alikunja miguu kama mtu anayekunja nyavu'. Hapa ameonesha jinsi baba alivyokaa. Tamathali hizi zimeipamba kazi na kumfanya msomaji asichoke."

Hakuna kosa la sarufi, na majina ni sahihi. Lakini "ameonesha kuwa mama alikuwa kimya" ni kurudia kifungu. Neno ukimya lilikuwepo tayari. Huu ndio ugonjwa wa pili baada ya "imepamba": kuitafsiri picha kuwa sentensi ya kawaida na kudhani umeieleza.

Na hili ni jibu lake baada ya kukifanyia kazi kifungu darasani, nikiwa nimerekebisha alama za uandishi tu:

"Baba ameuza karabai kwa siri na mama anamjibu kwa ukimya, ambao msimulizi anauita 'mbalamwezi' kwa sitiari. Katika uvuvi wa dagaa wa usiku, mwezi ukiwa mpevu taa haziwezi kukusanya samaki, hivyo wavuvi hukaa nyumbani. Sitiari hii inaonesha kuwa ukimya wa mama hauna kelele wala giza, lakini umemfunga baba: kila kosa lake liko wazi, na hana la kufanya. Ndiyo maana anakunja miguu 'kama mtu anayekunja nyavu', tashibiha inayoonesha kwamba amekubali kushindwa kwa usiku huo. Kwa kuwa mbalamwezi ina siku zake, msomaji hatarajii ndoa kuvunjika, anatarajia kungoja. Kwa njia hii mwandishi anaijenga dhamira ya nafasi ya mwanamke katika familia: mwenye uamuzi sasa ni mama, ingawa hajasema neno."

Angalia sentensi ya pili. Ameueleza ujuzi wa ziwani kwa ufupi, kwa sababu mtahini anaweza kuwa mtu wa mkoa ambao hauna ziwa. Usidhani anajua. Lakini usimpe somo zima la uvuvi pia. Sentensi moja inayobeba kile kinachohitajika inatosha. Angalia vilevile maneno "ndiyo maana" na "kwa kuwa". Hayo ndiyo yanayoshikanisha picha na kisa. Kama jibu lako halina hata kiunganishi kimoja cha sababu, yaelekea umeorodhesha tu.

Pale ambapo hatua hizi hazikufikishi mbali

Si kila tamathali inastahili kazi yote hii. Nyingine zimetumika mpaka zimekuwa maneno ya kawaida. Mtu akiandika "maneno yake yalikuwa asali", hakuna anayeona mzinga wala nyuki. Tunaelewa "matamu" na tunaendelea. Ukijaribu kuifanyia hatua ya tatu utajikuta unabuni mambo. Katika jibu la mtihani, picha kama hiyo iache, chagua nyingine.

Isipokuwa pale mwandishi anapoiamsha. Tuseme ameandika: "Maneno ya shangazi yalikuwa asali, na kila aliyeyafuata alirudi amevimba uso." Nusu ya pili imewarudisha nyuki. Msomaji wa Tabora, anayejua kwamba asali ya porini haifuatwi mikono mitupu, bila moshi na bila tahadhari, anaona mara moja kwamba utamu wa shangazi una walinzi. Hapo kuna la kueleza, na la kueleza ni mgeuko wenyewe: tulianza na sifa tukaishia na onyo, ndani ya sentensi moja. Kwa hiyo ukikutana na picha iliyochakaa, soma sentensi hadi nukta kabla ya kuiacha.

Kosa jingine ni la wanafunzi wazuri. Wakishaonja ladha ya kueleza, wanaeleza kupita kiasi: karabai mbili zinakuwa macho ya baba, msumari unakuwa mateso, ndoo inakuwa tumbo la uzazi. Kila mara muulize mwanafunzi wa namna hii swali lile nililomuuliza yule wa Ujiji: neno gani linakupeleka huko? Shati limetundikwa msumarini kwa sababu mtu amerudi nyumbani. Si kila kitu kwenye kisa ni picha, na kukiacha kitu kiwe kitu ni sehemu ya kusoma vizuri.

Kama muda wa mtihani umekubana na una dakika tano tu kwa hoja nzima, fanya hatua ya kwanza na ya nne, uziache nyingine. Jua hali ya kisa, badilisha picha mara moja, andika kilichopotea na kwa nini kinahitajika hapo. Kwa mazoezi ya nyumbani, chukua ukurasa mmoja wa kitabu mnachosoma darasani, tafuta tamathali tatu, kisha amua ni ipi moja inayostahili maelezo na uandike sababu ya kuziacha zile mbili. Wanaofanya zoezi hili wawili wawili hubishana sana kuhusu ipi iachwe, na ubishi huo ndio unaowalazimisha kurudi kwenye maneno ya kitabu.